Kabla ya Kulipa Fungu la Mwisho

Fungu la mwisho tulilokuwa tukidaiwa na mkandarasi wetu lilikuwa shilingi 2,400,000, na jioni ya Alhamisi moja ya mwezi Februari lilikuwa tayari ndani ya bahasha juu ya meza. Nyumba yetu ya Chamazi, mbele ya Mbagala Rangi Tatu ukielekea Mbande, ilikuwa imepakwa rangi na vioo vya madirisha vinang'aa. Kijana aliyetumalizia nyumba alikuwa ametupigia simu akisema, "Mama, mwambie na Mzee, kesho njooni mchukue funguo. Vijana wangu wananisubiri, Ijumaa yao ndiyo hiyo." Kodi ya nyumba tuliyopanga ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba alikuwa ameshatuambia kwamba akipokea tena ni ya miezi sita kwa mkupuo. Bibi wa watoto, ambaye magoti yanamsumbua, alikuwa ameanza kufunga vyombo vyake. Tulikuwa na kila sababu ya kulipa na kuhama.

Kilichotuzuia ni rafiki yetu mmoja wa Bunju. Mmoja wetu ni muuguzi, na huyu rafiki ni muuguzi mwenzake wa siku nyingi. Yeye alimlipa fundi wake fedha zote mwezi Desemba, kwenye jua kali. Masika yalipofika dari ya sebule ikalowa, ikabonyea, ikaanguka juu ya makochi, na fundi akawa hapokei simu. Alipojua kwamba tunakwenda kuchukua funguo alituambia maneno mawili tu: "Nendeni na mtu anayejua. Na bahasha iacheni nyumbani."

Mtu anayejua hakuwa mbali. Mtaani kwetu yupo mzee aliyefanya kazi miaka mingi ya usimamizi wa majengo, na sasa amestaafu. Tulikubaliana tumpe shilingi 100,000 kwa siku nzima. Mzee alitoa masharti mawili. La kwanza, mkandarasi awepo mwenyewe, asitume kijana. La pili, maji na umeme viwepo. "Nyumba isiyo na maji wala umeme haikaguliwi," alisema, "inatazamwa tu." Tulihamisha siku kutoka Ijumaa hadi Jumamosi asubuhi, tukajaza tangi la maji, tukanunua umeme wa LUKU wa shilingi 10,000.

Tukiri hapa kosa letu la kwanza, ambalo tulilifanya miezi mingi nyuma. Mkataba wetu wa kumalizia nyumba ulikuwa wa shilingi 24,000,000 kwa lipu, marumaru, maji, umeme, dari na rangi, vifaa vikiwa juu yake. Tulimlipa kwa hatua, na tukabakiza sehemu moja ya kumi, yaani zile 2,400,000. Hapo tulifanya vyema. Lakini karatasi yetu ilisema tu kwamba "malipo ya mwisho yatatolewa kazi ikikamilika." Haikusema nani atasema kwamba kazi imekamilika, wala kwa kipimo gani. Katika kazi za serikali fedha ya kushikilia kama hii haitoki yote siku ya funguo. Desturi ni kwamba nusu hutolewa jengo linapokabidhiwa, na nusu husubiri hadi kipindi cha matazamio kiishe, ambacho mara nyingi ni mwaka mzima, na katika muda huo mkandarasi hurudi kurekebisha kasoro kwa gharama yake. Sisi hatukuandika neno "matazamio" popote. Ilibidi tulizungumze siku ile ile, tumesimama barazani, na mtu ambaye mama yake tunakaa naye benchi moja kanisani.

Mzee alikuja na mfuko mdogo. Ndani yake mlikuwa na pimamaji ya urefu wa mita moja, tochi, sarafu ya shilingi 200, chaki, na pakiti ya bluu ya kufulia nguo. Sisi tulibeba daftari la shule na karatasi ya kaboni ili kila tutakachoandika kiwe na nakala mbili. Kabla hatujaingia ndani akatuuliza tutaandika nini. Tukamwambia tutaandika kila kibaya tutakachokiona. Akatikisa kichwa. "Ukiandika 'bafu baya', binti yangu, yeye atakuja, atafuta vumbi, atasema sasa ni zuri. Utamjibu nini?"

Hilo tulilielewa mara moja, maana wodini ndivyo tunavyofundishwa. Zamu ikipokezana, hatuandiki kwamba mgonjwa wa kitanda cha 6 hali yake si nzuri. Tunaandika joto lake lilikuwa kiasi gani na saa ngapi, ili anayepokea apime tena alinganishe. Kwa hiyo daftari tukaligawa kwa mistari: namba, chumba na mahali penyewe, kilichoonekana na kwa kipimo gani, kitakachofanyika, na tarehe. Ule mstari wa kipimo ndio uliotusaidia kuliko yote baadaye.

Tulianza na bafu la chumba cha Bibi. Kwa macho lilikuwa zuri kuliko yote, marumaru za bluu na nyeupe hadi usawa wa kichwa. Mzee akaomba ndoo ya lita 20. Akaimwaga yote kwa mkupuo katikati ya sakafu, kisha akarudi nyuma akasubiri. Maji yalisimama kidogo kama yanayofikiri, halafu yakaanza kuja kwetu. Yalipita mlangoni yakaingia chumba cha kulala. Kwenye tundu la kutolea maji, kule kona ya nyuma, pakabaki pakavu.

Alipoweka pimamaji ikaonekana kwamba tundu lipo juu kuliko mlango. Sakafu ya bafu inatakiwa ishuke kuelekea kwenye tundu kama sentimita moja hadi moja na nusu kwa kila mita, mteremko mdogo ambao mguu hauusikii lakini maji yanaujua. Fundi alikuwa ametega tundu kwanza, juu kuliko ilivyotakiwa, kisha akapanga marumaru zikilifuata. Mkandarasi hakukataa, macho yalikuwa yameshaona. Ila alitoa dawa yake: "Mama, hapa tunaweka kizingiti kidogo cha marumaru mlangoni, maji hayatoki tena. Nusu saa tu." Kusema kweli tulikaribia kukubali, kwa sababu ilikuwa rahisi na hakuna aliyetaka kuvunja marumaru za bluu. Mzee akatueleza kwamba kizingiti kitazuia maji yasitoke, lakini hakitayafanya yaende kwenye tundu. Yatatuama, yatajipenyeza kwenye maungio, yataloweka ukuta wa chumba kutokea chini. Na mtu wa magoti mabovu atakuwa na vitu viwili vya kumwangusha, utelezi na kizingiti. Tumewauguza kina bibi waliovunjika nyonga bafuni. Tukaandika: "Na. 1. Bafu la Bibi. Ndoo ya lita 20 imemwagwa katikati, maji yametoka mlangoni, tundu kavu. Sakafu ivunjwe, mteremko upangwe upya, ijaribiwe kwa ndoo."

Choo tulikijaribu kwa ile bluu ya kufulia. Ukiikoroga ndani ya choo na kuvuta maji, rangi lazima ionekane ikipita kwenye chemba ya nje baada ya muda mfupi, na yote. Ya kwetu ilifika kwa kuchelewa na imepungua. Mzee akafunua mfuniko wa chemba, tukakuta kipande cha zege kigumu kama ngumi kimekaa ndani ya mfereji, mabaki ya vijana waliooshea karai zao humo. Bomba lenyewe la inchi nne lilikuwa limelazwa vizuri, likishuka kama sentimita mbili na nusu kwa mita. Kosa dogo basi, la patasi na dakika kumi. Lakini zege ile ingeachwa, karatasi na uchafu vingenasa hapo siku baada ya siku hadi choo kirudishe maji ndani, na sisi tungemwita fundi mwingine tukidhani shimo limejaa.

Sebuleni mzee alipiga magoti, akaanza kugonga marumaru moja moja kwa ile sarafu. Iliyokaa vizuri hutoa mlio mfupi, mkavu. Iliyo tupu chini hutoa mvumo, kama debe. Kisa chake ni kwamba baadhi ya mafundi, kwa haraka au kwa kubana saruji, huweka mafungu matano ya udongo wa saruji chini ya marumaru kama maandazi, wakaibandika juu, badala ya kuutandaza wote. Nafasi zinazobaki kati ya mafungu ni hewa. Mguu wa meza ukikaa juu ya hewa, marumaru hupasuka. Watoto wetu walizunguka wakigonga nao, na katika marumaru kama 150 tulipata 26 zenye mvumo. Hapa mzee hakuwa mkali. Inayovuma kwenye kona moja tu aliiacha, akasema hiyo itaishi. Alichotaka zing'olewe ni zile zinazovuma zaidi ya nusu, na zote za mlangoni na njia ya kwenda jikoni. Zikabaki 17. Tulizitia alama ya chaki, na juu ya hiyo tukaandika daftarini kwa kuhesabu kutoka mlangoni: mstari wa tatu, ya tano, mstari wa nne, ya kwanza. Chaki hufutika, na hili tulikuja kulishukuru.

Umeme ndio uliotutisha. Kila taa iliwaka na kila soketi ilifanya kazi. Tulizima vitu vyote tukatazama mita ya LUKU, na taa yake ndogo ikatulia bila kupepesa, maana yake hakuna umeme unaovuja mahali tusipopaona. Kwenye sanduku la swichi ipo swichi ya usalama yenye kitufe kilichoandikwa T. Mkandarasi alikibonyeza kwa mbwembwe, umeme wote ukakatika, akatutazama kama aliyeshinda kesi. Mzee alimsifu, kisha akauliza, "Sasa nionyeshe ardhi iko wapi."

Kitufe kile, alitueleza, kinaijaribu swichi yenyewe tu. Hata nyumba isiyo na waya wa ardhi, ukikibonyeza umeme utakatika. Waya wa ardhi ni ule wa kijani na njano unaounganisha mabati ya friji, pasi na mashine ya kufulia na fimbo ya shaba iliyopigwa chini udongoni. Waya wa umeme ukichubuka ndani ya friji, njia hiyo hulifanya kosa lijulikane papo hapo, swichi ikakata kabla mtu hajagusa. Pasipo njia hiyo, bati la friji hukaa na umeme linamsubiri atakayeshika mlango, na swichi itakata baada ya umeme kuanza kupita mwilini mwake, ikiwa siku hiyo ni nzima.

Tulifuata waya wetu kutoka kwenye sanduku. Ulitoka, ukashuka ukutani, ukaingia kwenye lipu. Nje, mahali ambapo ungetokea, hapakuwa na fimbo, hapakuwa na kishimo cha kuikagulia, palikuwa na mchanga tu. Mkandarasi alimpigia fundi wake wa umeme mbele yetu. Ikaonekana kwamba waya ulikatwa wakati wa kupiga lipu, na fimbo ilikuwa bado dukani. Kijana wa watu hakuwa akijua, na uso wake ulionyesha hivyo. Tuliandika kwamba fimbo iwekwe, na kazi yote ipimwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA kwa kipimo chake, atupe karatasi.

Vitu vingine vilikwenda haraka. Mlango wa stoo ulikuwa ukikwaruza chini, madirisha mawili ya aluminiamu hayakufunga hadi mwisho, na nyuma ya tangi rangi haikufika. Saa sita mchana tulipanda darini na tochi imezimwa, tukitafuta nuru. Kila tundu la msumari uliokosewa huonekana kama nyota. Tuliona nyota mbili tu, zikaandikwa.

Nyufa zilituchukua muda, kwa sababu ndizo tulizokuwa tukiziogopa kuliko yote, na ikawa ndizo zisizo na neno kubwa. Ukuta wa jikoni ulikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Hizo ni za lipu iliyokauka haraka bila kumwagiwa maji ya kutosha, na hutibiwa kwa kujaza na kupaka rangi. Ufa mmoja ulikuwa wa aina nyingine. Ulitoka kona ya dirisha la chumba cha watoto ukapanda mshazari kuelekea juu. Mzee akajaribu kuingiza ukucha, haukuingia. Akaweka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili, akaandika tarehe pembeni. "Huu hatuujazi leo. Ukijazwa leo hutajua kama unatembea."

Nasi tulimkumbusha yale mabweni mapya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Desemba 2017, miezi michache baada ya kufunguliwa, picha za nyufa zake zilisambaa kila mahali, na Wakala wa Majengo ukaeleza kwamba kilichoonekana ni nafasi za kutanukia kati ya sehemu za jengo. Mzee akasema nafasi ya kutanukia huachwa kwa makusudi, inanyooka kama rula kutoka chini hadi juu, na fundi anaweza kukuonyesha kwenye mchoro. Nyumba ndogo kama yetu haina. Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba ufa wa mshazari umewekwa kwa makusudi.

Saa nane tulikaa barazani na daftari lenye namba 23. Sasa ikafika zamu ya mkandarasi kusema, na ni haki tuseme kwamba katika mambo mawili alikuwa na haki kuliko sisi.

La kwanza, sinki la kunawia lililopasuka ukingo. Tulikuwa tumeliandika namba 14. Akatuuliza kwa upole nani aliyeleta kitanda cha Bibi wiki iliyopita. Ni sisi. Tulikileta kabla ya kukabidhiwa, kwa gari la kukodi na vijana wa kuokota, na kilipita bafuni kwa sababu mlango wa pili ulikuwa umefungwa. Nani angeweza kuapa kwamba sinki lilipasuka kabla? Tukalifuta, na sinki jipya tukanunua wenyewe. Mzee alitutazama tu. La pili, kazi za nyongeza. Katikati ya ujenzi tulibadili marumaru za sebule tukachukua za bei ya juu, na tukaomba jukwaa la zege jikoni. Yeye alitaja shilingi 180,000, tukasema sawa kwa mdomo, na hatukuandika. Siku ile tulikuwa tumejiandaa kudai tu, hatukuwa tumejiandaa kudaiwa. Tulimlipa hizo pembeni, na hali ya hewa barazani ikabadilika kabisa.

Kisha mzee akapiga hesabu ya kila kosa kwa bei ambayo fundi mwingine angeitoza. Sakafu ya bafu 400,000. Marumaru 17 za sebule 250,000. Fimbo, waya na kipimo cha umeme 150,000. Chemba 50,000. Milango, madirisha, mabati na rangi 150,000. Jumla shilingi 1,000,000. Baba watoto akasema basi tushikilie milioni moja tumpe iliyobaki. Mzee akakataa. Fundi mgeni anayeitwa kurekebisha kazi ya mwingine huongeza bei, na kila akivunja hukuta jingine. Alishauri tushikilie mara moja na nusu ya gharama, yaani 1,500,000, na 900,000 zitoke siku ile ile. "Vijana wake wamefanya kazi, wale. Ukimnyima yote, atarudi na nini? Hatakuwa na nauli ya fundi wala saruji ya kurudia bafu." Hatukuwa tumeliona hilo. Tulidhani ukali ndio usalama.

Zile 1,500,000 tukazigawa. Laki tisa zitoke orodha yote ikisharekebishwa na kujaribiwa tena, kwa muda wa wiki mbili. Laki sita zikae hadi mwisho wa Juni. Mkandarasi aliuliza kwa nini Juni na si mwezi mmoja, na jibu lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Ilikuwa Februari. Masika ya Dar es Salaam ni kuanzia Machi hadi Mei, na paa lililomalizika kiangazi halijakaguliwa na mvua. Alinung'unika kidogo, akasaini nakala zote mbili, nasi tukasaini, na mzee akasaini kama shahidi. Kwa Bibi tulisema asubiri. Ilituuma, na mwenye nyumba alitukubalia wiki tatu baada ya kubembelezwa sana.

Baada ya wiki mbili tulirudi na daftari lile lile. Hatukuangalia kwa macho, tulirudia kila kipimo. Ndoo ya lita 20 ilimwagwa katikati ya bafu jipya, na maji yakaenda kwenye tundu mpaka tone la mwisho. Bluu ilipita chemba bila kukawia. Fundi umeme alitupa karatasi yake, na nje kulikuwa na kishimo chenye mfuniko, na ncha ya fimbo ndani. Sebuleni chaki zote zilikuwa zimefutwa na maungio yamejazwa saruji nyeupe mpya, kila kitu kinapendeza. Tukahesabu kutoka mlangoni, mstari wa tatu, ya tano, tukagonga. Debe. Kati ya 17, tano hazikuwa zimeguswa, zilipakwa maungio tu. Mkandarasi aligonga mwenyewe, akaita fundi wake, na maneno waliyoambiana si ya kuandika hapa. Zilibadilishwa siku ile tukiwa tumekaa nje tunakula mihogo. Saa kumi jioni tulitoa laki tisa na kupokea funguo, pamoja na stakabadhi ya pampu ya maji yenye dhamana yake, na picha alizopiga kwa simu kabla ya lipu zikionyesha mabomba na nyaya zinapopita ukutani. Hizo picha hatukuziomba. Ni yeye aliyezikumbuka, na tumezitumia mara mbili tayari kabla ya kutoboa ukuta.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja Aprili usiku. Tuliamka na tochi tukazunguka vyumba vyote. Dari ya stoo ilikuwa na doa la kahawia la ukubwa wa sahani. Lilitoka kwenye bonde la paa, mahali mapaa mawili yanapokutana na maji yote hupita, ambapo msumari mmoja ulipigwa karibu mno na mfereji. Saa sita mchana wa kukagua tundu hilo halikuonyesha nyota, kwa kuwa msumari ulikuwa umeliziba, ila maji yalipojaa yalipanda juu yake. Tulimpigia simu. Alikuja Jumamosi, akahamisha msumari, akaziba, akabadili kipande cha dari. Hakutudai kitu, na hatukudhani angekuja hivyo kama laki sita zisingekuwa mkononi mwetu, ingawa yeye anasema angekuja.

Mwisho wa Juni tulikaa tena barazani. Ufa wa chumba cha watoto ulikuwa haujapita alama za penseli hata kidogo, akaujaza na kuupaka rangi. Likabaki jambo moja ambalo halikuwa kwenye orodha. Chini ya ukuta wa jikoni, hadi usawa wa goti, rangi ilikuwa inabanduka na kutoa unga mweupe. Mtaani wanaita fangasi, nasi kwa kazi yetu tulicheka, maana fangasi ni kiumbe na ule ni chumvi tu, inayopandishwa na unyevu wa ardhini na kubaki juu maji yakishakauka. Kuupaka rangi tena ni bure. Lakini ukuta ule, pamoja na msingi wake, ulijengwa na fundi mwingine miaka minne kabla, na inaelekea hakutandaza nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Mkandarasi wetu alipewa kupiga lipu juu ya ukuta aliokuta. Baba watoto alitaka tukate angalau laki moja. Tulibishana usiku kucha, tukafungua mkataba, na hatukuona neno la kutupa haki hiyo.

Tulimtumia laki sita zote kwa simu akiwa amekaa mbele yetu. Akasaini mstari wa mwisho wa daftari, akanywa chai na Bibi, kisha akaomba pimamaji ya mzee, akachutama jikoni na kututajia bei ya kung'oa lipu ile na kupiga nyingine yenye dawa ya kuzuia maji: shilingi 320,000, bila kuahidi kwamba chumvi haitarudi. Bado tunafikiri.